Ngoma Isiyo na Sauti

Video ilikuwa ya sekunde 41 na haikuwa na sauti. Mpwa wangu aliitoa kwenye mkanda wa zamani uliokuwa kabatini kwa baba yake. Juu ya kasha palikuwa na maneno mawili tu kwa kalamu ya wino, "Arusi 1993". Fundi aliyeuhamisha mkanda kwenda kwenye simu alisema njia ya sauti ilikuwa imeliwa na ukungu. Ndani ya video yumo babu yake mzaa baba, bado ana nguvu, kavua shati, anapiga ngoma ndefu. Mzee amefariki. Watoto wake walitaka ngoma kama ile ikae sebuleni, na ipigwe na wajukuu.

"Mjomba, wewe si mtu wa ngoma? Hii inaitwaje, nikamwambie fundi?"

Nimepiga dumbaki kwenye taarabu hapa Tanga kwa miaka mingi, na watu wamezoea kunitumia video za namna hii. Nikaitazama mara moja, nikiwa nimesimama, simu mkononi. Niliona gogo refu, jembamba, lenye ngozi upande mmoja, mpigaji kalibana katikati ya miguu, na nyuma yake wanawake waliojifunga kanga. Nikajibu papo hapo kwamba ni msondo. Binti akaenda kwa fundi wetu wa ngoma, mzee ambaye hata mimi humpelekea ngoma zangu zikipasuka, akaagiza msondo wa ngozi ya mbuzi na kulipa kianzio. Gogo likakatwa, likaanza kukombwa.

Wiki mbili baadaye mzee akaniita. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka, ile simu ya binti kaiegemeza kwenye kopo la gundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Uliitazama hii, au ulimtazama mtu?"

Nikamwambia niliitazama. Akanionyesha kwa kidole mahali ngozi inapokutana na mti. "Hapa umepaona?"

Sikuwa nimepaona. Nilikuwa nimeona umbo, na umbo ndilo linalowahi kufika machoni, kwa hiyo ndilo nililolitumia kujibu. Tatizo la umbo ni kwamba gogo refu lililotobolewa liko kila mahali. Ukimpa mtu shina la mti, panga na patasi, popote alipo ataishia na kitu kinachofanana na hicho. Umbo linatusaidia kuondoa mambo makubwa: hii siyo tari, siyo dumbaki yenye kiuno, siyo chapuo la vichwa viwili. Baada ya hapo linabaki kimya, na mimi nililisemea.

Mzee aliisimamisha picha pale mpigaji alipoinua mikono yote miwili. Ukingoni mwa ngoma, chini kidogo ya mdomo, palikuwa na mstari wa nukta nyeusi zilizozunguka kwa nafasi sawa. "Vigingi," akasema. Vijiti vidogo vya mti, vimegongomelewa kupita kwenye ngozi hadi kwenye gogo. Hilo peke yake halikutosha kunitoa kwenye msondo, kwani hata huku pwani tunawamba kwa vigingi. Lakini liliondoa kundi zima la ngoma za bara zinazowambwa kwa kanda, zile ambazo ngozi ya juu imefungwa kwa ngozi ya chini kwa mishipi mingi inayoteremka ubavuni. Ngoma ya kanda huitambui kwa nukta, unaitambua kwa mistari. Hata picha ikiwa mbovu kiasi gani, mistari ile ya kuteremka huonekana kama mbavu, na nukta huonekana kama shanga. Tangu siku ile hapo ndipo ninapoanzia: shanga au mbavu?

Kisha akaniuliza ngozi ni ya nini. Nikasema mbuzi. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikawa vijiraba vya rangi, akairudisha kidogo, akaniachia niangalie mwenyewe.

Ngozi ya mbuzi ina alama zake. Katikati hupita mstari wa uti wa mgongo, mweusi au mwekundu kidogo kuliko kwingine, na fundi mzuri huuweka katikati ya mdomo wa ngoma. Pembeni, pale wembe ulipokuwa mvivu, hubaki manyoya. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na ikikunjwa ukingoni hufanya pindo linaloonekana hata kwa mbali. Ile ya kwenye video haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa nyembamba mno ukingoni, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Na jua lilipoigonga kwa ubavu, kwa muda wa fremu tatu au nne hivi, uso wake ulimeta kwa vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu.

"Magamba," nikasema.

"Kenge," akasema mzee. "Na sisi huku msondo hatuuwambi kwa kenge."

Ngozi ya kenge inataka kuelezwa kidogo, kwa sababu inatoa habari hata pale magamba yasipoonekana. Kenge si mnyama mpana. Ukimpasua na kumtandaza, kipande kinachofaa kuwamba ni kile cha tumbo na ubavu, na upana wake ndio unaoweka mpaka wa mdomo wa ngoma. Ngoma yenye mdomo mpana kama sinia haiwezi kuwa ya kenge mmoja. Kwa hiyo ukubwa na ngozi havisomwi mbalimbali. Tukapima. Kwenye fremu moja mpigaji alikuwa kalaza kiganja kizima juu ya ngozi, na hiyo ni bahati kubwa kwa anayetazama video, maana mkono uliolala juu ya ngozi uko umbali uleule na ngozi kutoka kwenye kamera. Kiganja cha mwanamume mzima, kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 18 au 19. Mdomo wa ngoma ulikuwa kiganja kimoja na theluthi, yaani sentimita 25 hivi. Kenge mkubwa anautosha.

Urefu ulitupa shida zaidi. Wakati wa kupiga, ngoma ilikuwa imelala kwa mshazari, kichwa kikielekea kamera na kitako kikiwa nyuma. Kitu kilicholala hivyo huonekana kifupi kuliko kilivyo, na kichwa kilichoikaribia kamera huonekana kipana kuliko kilivyo, hasa kwenye simu za siku hizi zenye lenzi pana. Ukipima urefu hapo unajidanganya. Mzee akairudisha video mwanzo kabisa. Katika sekunde mbili za kwanza, kabla hajaanza, babu alikuwa amesimama ngoma ikiwa wima ubavuni mwake, mkono juu ya kichwa cha ngoma kama mtu aliyeshika fimbo. Ilimpita kitovu na kukaribia kifua. Kwa mtu wa kimo cha kawaida hiyo ni zaidi ya mita 1, pengine mita 1 na robo. Na palepale tukaona kitu nilichokuwa nimekikosa mara ya kwanza kwa kuwa kilijificha nyuma ya miguu yake: ngoma ilianza na kichwa kilichovimba kidogo, ikaendelea kwa shina lililokuwa likipungua, kisha chini kabisa ikapanuka tena kidogo na kuwa mguu wa kusimamia.

Mzee hakujua jina lake. Alisema tu, "Hii imetoka bara, na aliyeichonga aliijua kazi yake. Mimi msondo wako nausimamisha." Nilimwomba radhi, naye akalisogeza lile gogo pembeni. Kazi ya jina ikawa yangu.

Nilirudi nyumbani, nikaihamishia video kwenye kompyuta na kuifungua kwa VLC, ambako ukibonyeza herufi `e` picha inasogea fremu moja moja. Mikanda ya huku ilirekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu inachukua sehemu ya 25 ya sekunde. Mguso wa mkono kwenye ngozi ni mfupi kuliko hapo. Ndiyo maana katika video ya ngoma mara nyingi huoni mkono ukigusa. Unauona ukiwa juu, halafu unauona ukiwa umeshaondoka. Anayengoja kuuona mguso wenyewe atakesha. Nilichojifunza kusoma ni mkono unapotoka na unapoelekea: vidole vimekaza au vimelegea, vinashuka ukingoni au katikati, na baada ya pigo mkono umerukia juu au umebaki umelala. Vidole vilivyokaza vikishuka ukingoni na kuruka hutoa mlio mkali. Kiganja kikishuka katikati na kuruka hutoa mvumo. Mkono ukibaki umelala, mlio umezimwa.

Babu alipiga kwa mikono mitupu, vidole zaidi kuliko viganja, ukingoni zaidi kuliko katikati, na kwa kasi ambayo kwenye fremu nyingi mikono ilikuwa ukungu mtupu. Ngoma yake haikuwa ikishika mpigo. Ilikuwa ikisema juu ya mpigo wa wengine. Hilo pia lingenitosha kuacha msondo mapema, kama ningekumbuka namna ninavyoujua. Anayetaka kuona msondo unavyopigwa amtazame Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, kwenye picha zake za unyago wa Unguja: ngoma imesimama kama nguzo, imefungwa kiunoni kwa nguo, naye ameipandia. Mpigaji na ngoma wanakwenda pamoja. Huyu wa kwenye video alikuwa ameinama juu ya ngoma iliyolala kwa mshazari, kitako kimepita nyuma ya visigino vyake.

Sasa nilikuwa na mambo manne: gogo refu la mguu, ngozi moja ya kenge, vigingi, mikono mitupu. Kwa mtu wa Afrika Mashariki majina mawili yanakuja hapo. La kwanza ni isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya magharibi, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. La pili ni engalabi ya Waganda. Zote mbili ni ndefu, zote zina desturi ya ngozi ya kenge upande mmoja, zote hupigwa kwa mikono. Katika picha iliyosimama, tena iliyokatwa vibaya, mtu anaweza kuzichanganya, na nimewaona watu wakizichanganya.

Kinachozitenganisha kwanza ni namna zinavyobebwa. Isukuti ni ngoma ya mwendo. Hutundikwa begani kwa ukanda na kubanwa kwapani, ili mpigaji acheze na kutembea nayo, na kwa hiyo haiwezi kuwa na mzigo wa mita 1 na robo. Halafu haiendi peke yake: huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya kupuliza na vyuma vya kugonga. Engalabi nayo huweza kuvishwa ukanda, kwa hiyo ukanda peke yake si ushahidi. Lakini mguu ule wa chini, urefu ule, na mpigaji aliyesimama mahali pamoja vilinivuta kuelekea Buganda. Vilinivuta tu. Bado nilihofia kufanya tena kosa la kujibu nikiwa nimesimama.

Jibu lilikuwa pembezoni mwa picha. Kamera ya arusi ile ilimshika babu peke yake, imebana, ngoma nyingine hazionekani. Ila kwenye ukingo wa kulia, katika fremu chache tu, vilikuwa vinaingia na kutoka vijiti viwili. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu anapunga mkono. Nilipopita fremu kwa fremu niliona ni vijiti viwili vya kupigia, vinapanda kwa zamu, karibu na ardhi, juu ya kitu ambacho sehemu yake ndogo ilikatwa na ukingo wa picha. Na juu ya sehemu hiyo ndogo palikuwa na mistari ya kanda ikiteremka, minene, imekaribiana. Mbavu.

Hapo nilikaa. Kundi la ngoma za Waganda limejengwa kwa namna hiyohiyo. Embuutu ni kubwa, imewambwa kwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, na ngozi hizo mbili zimeunganishwa kwa kanda. Ile ya chini haipigwi, kazi yake ni kushikilia kanda. Empuunyi ni ya kati, nayo hushika pigo. Nankasa ndiyo ndogo, na ndiyo inayopigwa kwa vijiti viwili. Katikati ya hizo zote za kanda, engalabi husimama peke yake na vigingi vyake na kenge wake, mlio wake mkali ukipasua juu ya mvumo wa wengine. Ngoma ya shanga kati ya ngoma za mbavu. Isukuti haina majirani hao.

Kulikuwa na jambo moja la kuthibitisha, nalo ni kama picha haikuwa imegeuzwa kushoto kulia, maana watu wanapohamisha mikanda mambo hayo hutokea, na ukianza kusema mkono gani ulioongoza unaweza kusema kinyume. Kanga zikanisaidia. Jina la kanga mojawapo lilisomeka vizuri kutoka kushoto, kwa hiyo picha ilikuwa sawa. Kanga zilezile zilizonifanya niseme pwani! Nilimpigia simu shemeji yangu, nikamuuliza arusi ile ilifanyika wapi. Akasema hajui, alikuwa chuoni wakati huo, ila mwaka ule mama na shangazi zake walisafiri na baba yake, yule mpigaji wa kwenye video, kwenda kwao, upande wa Masaka. Mzee alikuja Tanga kijana, kufanya kazi kwenye reli ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 hakurudi. Wanawake wa Tanga walikwenda arusini Uganda wamejifunga kanga zao. Nilijua asili ya mzee tangu dada yangu aolewe kwao. Nilipoona kanga sikuikumbuka.

Kuna mahali video haifiki, na ni haki kupasema. Wasoga, majirani wa Waganda, wana ngoma ndefu ya aina hiyohiyo wanayoiita engaabe, na kwa picha peke yake, bila sauti na bila kujua mahali, sidhani ningeweza kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Jina la Masaka ndilo lililofunga hesabu. Ngozi nayo inaweza kumpoteza mtu kwa upande mwingine: kenge wa mto Naili yumo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ngozi yake haitakiwi kuvuka mpaka bila kibali, na mafundi wengi huwamba engalabi kwa mbuzi. Kwa hiyo ukikuta manyoya na mstari wa uti wa mgongo kwenye ngoma ndefu ya mguu, usiseme siyo engalabi. Sema haijawambwa kwa kenge, kisha utazame majirani zake.

Na hata video ingekuwa na sauti, isingenipa nilichokidhani. Kipaza sauti kidogo cha simu hakiwezi kutoa mivumo ya chini, kwa hiyo embuutu iliyo mita 3 kutoka kwenye kamera husikika kwenye simu kama debe. Na aliyerekodi kwa mbali huongeza tatizo jingine. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kwa mpigaji aliye umbali wa mita 34 pigo hufika likiwa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, fremu mbili na nusu. Ukilinganisha mkono na mlio hapo utasema mkono wa kushoto ndio ulioita, kumbe ni wa kulia uliotangulia. Siku hizi hata nikitumiwa video yenye sauti nzuri, huizima kwanza.

Nilimrudia mzee na jina. Alilitamka mara mbili, polepole, "engalabi", kisha akauliza mafundi wake wako wapi. Nikamwambia kuna kijiji kiitwacho Mpambire, wilaya ya Mpigi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, kinachojulikana kwa kuchonga ngoma. Mpwa wangu akaagiza huko, ya ngozi ya mbuzi ili ivuke mpaka bila matata. Kianzio cha msondo nilimrudishia mimi, na lile gogo mzee alilimaliza kwa wakati wake. Sasa liko na kikundi cha unyago cha mtaa wa pili.

Kabla ngoma haijasafirishwa, fundi wa Mpambire alituma video ya sekunde 20. Ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani juani, maana ngozi iliyopigiliwa vigingi haina kanda za kukaza, hukazwa kwa joto. Akaja mtu, akaigonga kwa kucha za vidole viwili ukingoni, akainamisha kichwa, akaigonga tena upande wa pili, kisha akaisogeza nusu hatua, kichwa kikaingia kivulini. Nilimpelekea mzee. Aliiweka simu kwenye lile kopo la gundi, akaisimamisha pale kucha zilipokuwa juu, na kuanza kuhesabu vigingi.